Ugali unakaza haraka lakini ndani unabaki mbichi: kosa ni maji, moto au kusonga?

Kijana wa Mabibo (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nina miezi mitano tangu nianze kujipikia na kitu kinachonishinda ni ugali. Tunakaa watatu chumba kimoja, tunapika kwa zamu. Zamu yangu ikifika wenzangu wanakula matonge manne matano, wananawa, wanasema wameshiba. Najua hawajashiba.

Ninavyopika ni hivi. Sembe nusu kilo, maji lita moja, sufuria ya bati nyepesi, jiko la gesi la plati mbili. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo chini ya sufuria namimina unga karibu wote na kuanza kusonga. Moto nauacha mkubwa. Baada ya dakika mbili unakuwa mzito kiasi kwamba mwiko hauendi, nalazimisha, ikifika dakika ya nne naupindulia kwenye sahani. Kwa nje unapendeza kabisa, umeshikana, haumomonyoki. Ukiukata unanuka unga, unanata kwenye meno, na usiku tumbo linajaa. Chini ya sufuria panabaki ukoko mweusi.

Nimeambiwa mambo matatu na watu watatu: maji kidogo, moto mdogo, husongi vya kutosha. Nishike lipi?

Mpishi wa Kuni

Mkuu, tatizo lako ni maji. Umetia unga kwenye maji ambayo hayajatokota. Ugali hautaki maji ya uvuguvugu. Yaache yatokote mpaka yarukeruke, mwaga unga, songa kwa nguvu dakika tano, toa. Haya mambo ya kuanza na uji ni ya kupoteza muda, uji ni wa mgonjwa na mtoto. Moto uwe mkubwa mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimepika kwenye misiba kwetu Tabora, sufuria ya watu mia, na sijawahi kuanza na uji wala kuambiwa ugali mbichi.

Mama wa Kibanda

Marahaba mwanangu.

Kipimo chako hakina kosa, kwa hiyo kwanza usiguse maji. Nusu kilo ya sembe kwa lita moja ya maji ndicho ninachotumia mimi kwa vijana watatu wanaofanya kazi ya zege, na wanashiba. Anayependa ugali laini wa kulia mlenda ataongeza kikombe cha maji, anayependa ule wa kukaza kwa samaki wa kukaanga ataongeza unga konzi moja au mbili mwishoni. Hayo ni mapenzi ya mtu, hayahusiani na ubichi.

Kosa ni kwamba ugali wako umekaza kabla haujaiva, na wewe ukauamini. Kukaza kunatokana na unga kunywa maji, na hilo linafanyika upesi sana, dakika mbili zinatosha. Kuiva kunataka joto likae ndani ya unga uliolowa kwa muda. Ukimwaga unga wote kwa mara moja, maji yote yananyweka pale pale, unabaki na bonge zito ambalo joto haliwezi kulipenya. Chini linaungua kwa sababu limegusa bati, katikati halijapata kitu. Ndiyo maana una ukoko mweusi na ubichi kwenye sufuria moja.

Jaribu hivi kwa kipimo chako hicho hicho.

Toa kikombe kimoja, robo lita, kwenye ile lita yako ya maji, ukiweke pembeni kikiwa baridi. Robo tatu iliyobaki ibandike jikoni ichemke. Kwenye kikombe cha maji baridi tia unga vijiko vinne vikubwa vya chakula, koroga mpaka usione chembe. Maji yakitokota, mimina huo unga uliolowa kidogo kidogo, mkono mwingine unakoroga bila kuacha. Utapata uji mwepesi. Sasa uache uji uchemke. Nasema uchemke, usiseme umeshachemka kwa sababu umeona povu moja. Dakika tano mpaka saba, mpaka mapovu yawe mazito na yanapasuka kwa kishindo, na uji unarukia mkono. Hapo ukionja hausikii unga.

Punguza moto uwe wa kati. Tia unga wa kwanza, kama nusu ya uliobaki, koroga upesi uchanganyike. Subiri uone mapovu yamerudi, yanapumua kwa shida katikati ya ule uzito. Tia nusu ya uliobaki tena, sasa unaanza kusonga: unausukuma kwenye ukuta wa sufuria kwa ubapa wa mwiko, unaukandamiza, unaukunja kurudi katikati, unazungusha sufuria. Kinachovunja bonge ni kule kukandamiza ukutani. Ukizungusha mwiko katikati tu bonge linazunguka nao halivunjiki. Kisha malizia unga, ila usilazimike kuumaliza, acha mwiko ukwambie.

Ukishashikana, shusha moto mpaka mdogo kabisa, ukusanye ugali katikati, funika dakika tatu. Fungua, pindua wa chini uje juu, songa mara kumi hivi, funika tena dakika tatu au nne. Ndipo utoe.

Kuanzia unga wa kwanza wa kukazia ulipoingia mpaka kupakua, mimi inanichukua dakika kumi na mbili hivi kwa nusu kilo. Wewe ulitoa ya nne.

Kijana wa Mabibo

Asante sana mama. Kumbe ni mwisho mwisho, ukifunikwa, ndipo unaiva. Mimi nilikuwa nazima nikiona umeshikana.

Mpishi wa Kuni

Mama heshima yako, lakini dakika kumi na mbili ni gesi inaungua bure. Na bado nasema, maji yakitokota kweli uji hauna kazi.

Mama wa Kibanda

Kaka yangu, hukukosea kuhusu maji kutokota, mwanangu alitia unga maji yakiwa bado yanaimba. Hapo umempa jibu la kweli. Lakini angalia unachopikia wewe. Sufuria ya watu mia ni nzito, kuni zinalamba chini na mbavuni, na mnasonga watu wawili kwa zamu, siamini kabisa kwamba ni dakika tano. Mwenzako ana bati jepesi na mwali wa gesi unaopiga duara dogo katikati. Akiacha moto mkubwa, pale katikati pataungua na pembeni patabaki pabichi. Moto mkubwa ni wa maji na wa uji. Unga ukishaingia, moto unashuka.

Na kwenye misiba, ugali ukishatolewa unakaa kwenye sinia umefunikwa mpaka watu wakae. Ule muda wa kufunikwa nao unauivisha. Yeye anapakua anakula hapo hapo.

Mwalimu wa Maarifa ya Nyumbani

Niongezee kidogo kwa Mama, kwa sababu wengi wanauliza mabonge yanatoka wapi.

Wanga wa mahindi unaanza kuvimba na kunata ukifika kama nyuzi 65 hadi 70 za joto. Unga mkavu ukidondoka kama bonge kwenye maji ya moto, sehemu ya nje inavimba mara moja na kuwa kama ngozi. Ile ngozi inazuia maji kuingia ndani. Kwa hiyo ukipasua bonge la ugali utaona katikati kuna unga mweupe mkavu kabisa, kama ulivyotoka kwenye mfuko. Unga uliotangulia kulowekwa kwenye maji baridi hauna tatizo hilo kwa sababu kila chembe ina maji yake kabla joto halijafika. Kazi ya uji ni hiyo, na pia sehemu ya unga wako inakuwa imeiva tayari kabla ya kusonga.

Jambo la pili ni vikombe. Mama amepima kwa kilo na lita, na ni sawa. Wengi humu mtatumia kikombe, na kikombe cha unga kinadanganya. Nilipima nyumbani kikombe cha robo lita: unga uliochekechwa na kumiminwa taratibu ulikuwa gramu 125, unga ule ule uliochotwa kwenye mfuko uliojigandamiza na kugongwagongwa ulifika gramu 160. Ukihesabu vikombe vinne, tofauti yake ni gramu 140, zaidi ya kikombe kizima cha ule unga uliochekechwa. Ndiyo maana mtu anasema "kipimo changu ni kile kile, leo umekuwa jiwe". Asiye na mizani apime maji kwa uhakika, halafu unga autie kwa kutazama.

Binti wa Likoni

Hamjambo nyote. Huku kwetu Pwani ya Kenya twaita sima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mimi naweka maji mara tatu ya unga na maziwa kidogo, inakuwa laini haimkwami. Kijana, usimpe mtoto sima ngumu ya nusu kilo kwa lita, itamsumbua tumbo.

Kijana wa Mabibo

Dada asante, ila hapa hakuna mtoto, ni sisi vijana watatu. Tumbo linalosumbuka ni letu.

Binti wa Likoni

Haya pole, nilisoma "tumbo linajaa" nikadhani ni mtoto. Sasa niulize langu. Mama mkwe hununua mahindi, ayapeleka posho mill yasagwe bila kukobolewa, yaani unga mzima na pumba zake. Nikipika kwa kipimo cha unga wa paketi, sima yaonekana nyororo jikoni lakini ikifika mezani ni ngumu, mzee hawezi kuimega. Nikiongeza maji, jikoni yaonekana uji, naogopa naongeza unga, yarudi kuwa ngumu. Nifanyeje?

Mama wa Kibanda

Huo sisi tunauita dona, mwanangu. Dona inakunywa maji polepole. Pumba na chembe zake kubwa zinaendelea kunywa hata baada ya kuzima moto. Sembe inakuonyesha uzito wake hapo hapo. Kwa hiyo dona uikubali ikiwa laini jikoni. Isonge mpaka iwe laini kidogo kuliko unavyoitaka, funika moto mdogo dakika tano, fungua uiangalie upya. Itakuwa imejikaza yenyewe. Mimi maji ya dona naongeza kikombe kimoja kwa kila nusu kilo, na uji wake nauchemsha dakika kumi.

Mpishi wa Kuni

Dona kweli inataka muda, hapo sibishi. Lakini maji kuongeza kikombe kizima ni mengi. Nusu kikombe inatosha.

Mwalimu wa Maarifa ya Nyumbani

Hapo mnaweza kuwa sawa wote wawili, inategemea mashine. Dona iliyosagwa laini na dona iliyosagwa chengachenga hazinywi sawa. Na mahindi ya msimu mpya huwa na unyevu zaidi kuliko yaliyokaa ghalani. Binti, anza na nusu kikombe, na maji ya moto mengine yakae pembeni.

Mtanga wa Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Uzi umenigusa. Duka la karibu halina sembe, lina unga wa mahindi ya njano wa kupikia polenta. Chembe zake ni kubwa kama mchanga. Nimefuata maelekezo yote ya Mama, uji dakika saba, unga mara tatu, nikafunika. Ugali ukashikana lakini ukitafuna unasikia mchanga. Jiko langu ni la umeme, lile la sahani ya chuma. Nikipunguza moto inachukua muda mrefu kupoa, chini panaungua.

Mwalimu wa Maarifa ya Nyumbani

Kaka, chembe kubwa haziivi kwa dakika hizo. Maji yanachelewa kufika katikati ya chembe. Waitaliano wenyewe wanaupika polenta wa namna hiyo nusu saa na zaidi. Una njia mbili. Ulowekee unga wako maji baridi saa chache kabla, kisha upike kama uji kwa dakika ishirini hivi kabla ya kukaza. Au uusage tena kwenye mashine ya kusagia kahawa, uchekeche, utumie ule laini kukazia. Pia soma pakiti vizuri, kuna polenta iliyokwishapikwa kiwandani na kukaushwa. Hiyo inakaza kwa dakika chache, lakini mnato wake si kama wa sembe.

Kuhusu jiko, usisubiri sahani ipoe. Washa sahani mbili. Moja kali ya uji, nyingine umeiweka chini kabisa tangu mwanzo. Unga ukishaingia hamishia sufuria huko.

Mtanga wa Ughaibuni

Sahani mbili sikuwahi kuwaza. Nitajaribu Jumamosi.

Kijana wa Mabibo

Wakuu nimerudi na majibu. Jana nimepika kwa maelezo ya Mama, na umekuja na mabonge. Si mengi, kama kumi na tano, ukubwa wa njegere. Nilipasua moja, ndani unga mkavu mweupe kabisa kama Mwalimu alivyosema. Nashangaa kwa sababu unga niliulowesha kwenye maji baridi kama nilivyoambiwa, nikakoroga mpaka ukawa kama maziwa. Lakini upande wa kuiva nimeona tofauti kubwa, harufu ya unga imepungua sana. Mwenzangu mmoja aliomba nyongeza.

Mama wa Kibanda

Hongera, nusu ya safari umefika. Niambie, ulipokoroga ule unga kwenye kikombe, ulikaa muda gani kabla ya kumimina?

Kijana wa Mabibo

Niliukoroga mapema wakati maji yanachemka. Kama dakika sita au saba hivi.

Mama wa Kibanda

Basi ndiyo hapo. Unga hauyeyuki kwenye maji baridi, unatuama. Dakika sita zinatosha ushuke wote chini ya kikombe, juu pabaki maji ya rangi ya maziwa. Ulipomimina, kwanza yaliingia maji matupu, mwisho likadondoka tope zito kwa pamoja. Lile tope ndilo lililofanya mabonge. Ukoroge tena dakika ile ile unayomimina, na kijiko kiwe ndani ya kikombe kinakoroga mpaka tone la mwisho. Usiuweke mapema.

Yakitokea tena, usiyawinde moja moja kwa mwiko wakati ugali umeshakaza. Yapige yakiwa bado kwenye uji, ukiwa mwepesi, ukiyakandamiza ukutani mwa sufuria. Ukishakaza yanajificha.

Mwalimu wa Maarifa ya Nyumbani

Hili la kutuama mimi ninalifahamu kwa wanga wa kutengenezea mchuzi, sikulihusisha na ugali. Lakini Kijana, mbona ulisema ndani ya bonge ulikuta unga mkavu kabisa? Tope lililotuama lina maji tayari. Bonge lenye unga mkavu linatoka kwenye unga mkavu uliotiwa baadaye. Nadhani una makosa mawili: tope, na unga wa kwanza wa kukazia uliuingiza kama konzi moja iliyodondoka kwa pamoja.

Kijana wa Mabibo

Ni kweli, niliumimina kutoka kwenye mfuko moja kwa moja.

Mama wa Kibanda

Mwalimu ana haki, hapo sikulitazama vizuri. Unga wa kukazia utoke mkononi, unaunyunyiza kwa vidole huku mwiko unakwenda. Mfuko unamwaga bonge. Mimi unga wangu unakaa kwenye bakuli pana karibu na jiko.

Binti wa Likoni

Na sima ikiwa imekaza mno kabla ya kuiva, yaokoleka? Mimi huongeza maji ya bomba, yawa utelezi juu na ngumu ndani.

Mama wa Kibanda

Maji ya baridi yanaupoza na hayaingii, yanabaki yakiteleza kwenye ukuta wa sufuria. Tumia maji yanayotokota. Toboa ugali kwa mpini wa mwiko, matundu matano sita mpaka chini. Mimina maji ya moto nusu kikombe kwenye matundu, funika moto mdogo, usiguse. Baada ya dakika tatu au nne utasikia maji yanatokota ndani ya yale matundu. Hapo fungua usonge. Maji yameshaingia na mvuke umeivisha katikati. Ndiyo maana jikoni kwangu birika la maji ya moto haliondoki mpaka ugali umepakuliwa.

Ukiwa laini mno, usikimbilie kutia unga mwishoni. Unga wa mwisho ndio unaobaki mbichi. Kwanza uache wazi kwenye moto wa kati huku unausonga, unyevu utoke. Ukitia unga, tia kidogo, na uanze upya kuhesabu zile dakika za kufunika.

Mkazi wa Uyole

Nami nichangie. Nilikuwa Dar miaka minane, sasa nimehamia Mbeya. Ugali wangu wa kawaida ukaanza kuwa mbichi, na sikubadilisha chochote. Nadhani ni baridi ya huku inapoza sufuria.

Mwalimu wa Maarifa ya Nyumbani

Baridi inachangia kidogo, lakini sababu kubwa ni mwinuko. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Dar maji yanatokota kwenye nyuzi 100, kwako yanatokota kwenye 94 hivi. Ukiongeza moto yatatokota kwa fujo zaidi lakini hayatakuwa ya moto zaidi. Kwa hiyo kinachobaki ni muda. Ongeza dakika mbili tatu kwenye uji na nyingine mwishoni ukifunika, na mfuniko uwe unabana.

Mkazi wa Uyole

Kumbe ndiyo maana hata maharage yananitesa. Asante mwalimu.

Mpishi wa Kuni

Mnazungumza dakika tu. Sufuria zinatofautiana, moto unatofautiana, unga unatofautiana. Mtu atajuaje umeiva bila saa? Bibi yangu hakuwa na saa.

Mama wa Kibanda

Swali zuri sana kaka, na ndilo nilitaka kulifikia.

Kwanza ni pua. Unga mbichi una harufu ya vumbi la mashineni, inakupanda puani unapofungua mfuniko. Ugali ulioiva unanukia mahindi ya kuchemsha, na chini chini kuna harufu tamu ya ukoko. Harufu ya vumbi ikiwepo, funika tena, usijadiliane nao.

Pili ni rangi. Sembe ikiingia ni nyeupe ya chokaa, haina mng'ao. Ikiiva inapata weupe wa maziwa, na pale ubapa wa mwiko ulipopita panang'aa kidogo. Dona inakuwa nzito zaidi kwa rangi.

Tatu ni sufuria. Ugali mbichi unang'ang'ania ukuta. Ulioiva unaachia. Ukiuzungusha unazunguka wote kama mpira, na ukoko mwembamba unabanduka pembeni kama karatasi.

Nne ni mkono, na huu ndio ninaouamini kuliko yote. Lowesha vidole kwa maji, gusa juu ya ugali upesi. Ukitoka na unga unaonata, bado. Vidole vikitoka safi, umeiva kwa juu. Kisha chimba katikati kwa ncha ya mwiko, toa tonge dogo, lifinye. Likipasuka pembeni kama udongo mkavu, unga umezidi au haujaiva. Likikubali kuzungushwa na kubonyezwa kishimo bila kupasuka, pakua.

Mvuke nao unasema. Ukishaukusanya na kufunika, mvuke wa ugali ulioiva unatoka katikati, unainua kidogo kile kichuguu na kushuka. Ukiona unatoka pembeni tu, katikati bado hapajapata joto.

Mpishi wa Kuni

Hili la tonge nalikubali. Bibi alikuwa anachukua tonge anamrushia mjukuu mmoja, sisi tulidhani anatupendelea. Kumbe alikuwa anapima.

Kijana wa Mabibo

Wakuu, mara ya pili nimepika leo mchana. Nitaeleza yote ili mwenye tatizo kama langu aone.

Maji lita moja, kikombe kimoja pembeni. Unga vijiko vinne niliukoroga maji yalipokwisha kutokota, nikamimina kijiko kikiwa ndani. Uji ulichemka dakika saba, ulinirukia kwenye kiganja na kuniunguza kidogo. Nikashusha moto wa kati. Unga nikaunyunyiza kwa mkono kutoka kwenye bakuli, mara tatu, na kila mara nikasubiri mapovu yarudi. Mara ya pili ilichukua karibu dakika mbili mpaka yakarudi, nilitaka kukata tamaa. Kwenye ile nusu kilo ulibaki unga kama konzi mbili sikuutia, kwa sababu mwiko ulikuwa umeanza kusimama.

Nikashusha moto mpaka mwali ukawa wa bluu mfupi kabisa. Nikafunika dakika tatu, nikageuza, nikafunika nne. Nilipofungua mara ya kwanza vumbi lilikuwepo bado, kidogo. Mara ya pili halikuwepo. Vidole vilitoka safi. Nikazungusha sufuria, ugali ukazunguka wote, ukoko ukabaki chini, wa kahawia, si mweusi.

Wenzangu wamemaliza. Ukoko tumegombania.

Kitu kimoja bado. Pembeni, pale panapogusana na ukingo wa juu wa sufuria, ulibaki unga mwembamba mkavu ulionatia ukutani, nikaukwangua ukaingia kwenye ugali. Je, ule ni mbichi?

Mama wa Kibanda

Hongera sana mwanangu.

Ule ni mbichi, ndiyo. Unga unaporuka wakati wa kunyunyiza unanata ukutani juu ya uji na hauguswi na maji. Ukwangue mapema, baada ya kila unga unaotia, wakati chini bado kuna mapovu ya kuupokea. Ukisahau mpaka mwisho, uache hapo hapo ukutani, uoshe na sufuria.

Mpishi wa Kuni

Na mwiko? Ule unaoganda kwenye mwiko wewe unaurudisha ndani?

Mama wa Kibanda

Naukwangua kwa kisu kilicholoweshwa, kabla ya kufunika mara ya kwanza. Baada ya hapo siurudishi.

Mpishi wa Kuni

Mimi naurudisha siku zote. Hapo hatutakubaliana, lakini Jumapili hii nitapika mmoja kwa uji nipime kwa pua na vidole, nitarudi kusema.

Mtanga wa Ughaibuni

Nasubiri hilo. Mimi polenta yangu iko kwenye maji tangu asubuhi.